Niambie, Nionyeshe: Maswali ya Gari Kabla ya Safari

Uingereza, mtihani wa udereva hauanzi kwa kuwasha gari. Mtahini hukutoa kwanza hadi uwanja wa maegesho, akakuonyesha gari lililosimama mita 20 kutoka mlipo, akakuambia usome namba zake. Ukizisoma sawasawa, mnalisogelea gari utakaloendesha, na hapo ndipo hukuuliza swali la kwanza. Linaweza kuwa hili: "Niambie, kipimo cha upepo unaotakiwa kwenye tairi za gari hili hupatikana wapi, na upepo hupimwaje?"

Mpwa wangu aliniletea swali hilo jikoni jioni moja ya Januari. Ni muuguzi. Aliendesha gari Dar es Salaam miaka minane, na alipohamia Leicester leseni yake ya Tanzania ilimfaa kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo sheria humtaka afanye mtihani wa huku, nadharia na vitendo, kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Waliotoka Kenya na Uganda nao huangukia kanuni hiyo hiyo.

"Mjomba, majibu nimeyakariri yote," aliniambia. "Lakini akiligeuza swali kidogo tu, nitakwama. Najua maneno, sijui kwa nini."

Alikuwa ameligusa tatizo lenyewe. Maswali haya huitwa ya "niambie, nionyeshe", na yamekuwa sehemu ya mtihani tangu 2003. Kwa utaratibu ulioanza Desemba 2017, mtahini huuliza swali moja la "niambie" kabla ya kuondoka, na moja la "nionyeshe" mkiwa barabarani, kama vile kukutaka uoshe kioo cha mbele au upige honi huku ukiendesha salama. Maswali ya "niambie" ni 14, na DVSA, wakala wa serikali unaosimamia mitihani hiyo, huyatangaza pamoja na majibu yake. Ukikosea moja au yote mawili unaandikiwa kosa dogo moja tu, na mtu hufaulu hata akiwa na makosa madogo 15. Ndiyo maana wengi huyakariri njiani kama namba ya simu, wakishafaulu wakayasahau. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna ugumu wa ziada: tangu Aprili 2014 mkalimani haruhusiwi, kila kitu ni kwa Kiingereza. Maneno ya kukariri katika lugha ya pili hupotea haraka moyo ukianza kwenda mbio.

Nilimwambia aje Jumamosi asubuhi na kigari chake, na asikiwashe njiani kwa kuzungukazunguka. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika mbili. Jumamosi iliyofuata alikuwa amepanga kwenda London arusini na wenzake watatu na mizigo yao, dereva akiwa mmoja wao mwenye leseni. Basi tuliamua kulikagua gari kwa ajili ya safari ile, tukifuata maswali ya mtahini moja baada ya jingine.

Upepo: wapi, kwa nini, lini

Jibu rasmi la swali la upepo lina vipande vitano. Kipimo kinachotakiwa hupatikana kwenye maelekezo ya mtengenezaji wa gari. Pima kwa geji ya kuaminika. Pima na urekebishe tairi zikiwa baridi. Usisahau tairi ya spea. Rudisha vifuniko vya vali.

Tulianza na "wapi". Mpwa wangu aliinama kwenye tairi, akaonyesha namba iliyochorwa ubavuni mwa mpira. Hapo ndipo madereva wengi hukosea, huku na kwetu pia. Namba ya ubavuni ni kikomo, yaani upepo mwingi kabisa ambao tairi hiyo inaweza kubeba. Aliyetengeneza tairi hajui itafungwa kwenye gari gani. Anayejua uzito wa gari ni aliyetengeneza gari, naye hubandika kipimo chake kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na kukiandika katika kitabu cha gari.

Tulifungua mlango, kibandiko tukakikuta. Kilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gari lenye watu wachache: mbele 33, nyuma 32, kwa kipimo cha psi. Ya pili ilikuwa ya gari lililojaa watu na mizigo: mbele 35, nyuma 38. Alikuwa amefungua mlango ule kila siku kwa miezi kadhaa bila kukisoma. Kwa safari ya watu wanne na mabegi, safu inayohusika ni ya pili, na tofauti kubwa iko nyuma kwa sababu mzigo hukaa nyuma.

Kisha tukapima. Mbele kulia 29, mbele kushoto 28, nyuma kulia 28, nyuma kushoto 21.

"Ulijaza lini?"

"Oktoba. Na kwa macho zote ziko sawa, Mjomba."

Kwa macho zilikuwa sawa kweli. Tairi za siku hizi zina ubavu laini unaovimba kidogo pale chini hata zikiwa na upepo kamili, kwa hiyo tairi iliyopungukiwa na robo ya upepo wake huweza kufanana kabisa na iliyojaa. Kuipiga teke hakukuambii kitu. Geji ndiyo inayojua.

Namba zile nne zilikuwa na habari mbili tofauti. Tairi tatu zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana. Huko ni kushuka kwa kawaida: upepo hupenya mpira polepole mwezi hadi mwezi, na baridi nayo huunywesha. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, tairi kama zile hupoteza takriban psi moja na nusu hata kama hazivuji popote. Kati ya Oktoba na asubuhi ile ya nyuzi 3, yote mawili yalikuwa yamefanya kazi. Lakini tairi ya nne ilikuwa imeshuka peke yake, mbali na wenzake. Tairi moja ikiachana na nyingine hivyo, acha kulaumu hali ya hewa, tafuta pancha.

Tulichanganya maji na sabuni ya vyombo, tukaipaka tairi ile huku tukilisogeza gari mbele kidogo kidogo. Kwenye mfereji mmoja wa katikati tuliona kichwa cha skrubu kimezama kwenye mpira, na pembeni yake viputo vidogo vikitoka kimoja kimoja. Tuliiacha skrubu palepale. Ukiing'oa nyumbani, pancha ya polepole hugeuka ya haraka. Tulifunga spea na kuipeleka tairi kwa fundi, naye aliweza kuiziba kwa sababu tundu lilikuwa eneo la katikati; lingekuwa ubavuni, tairi ile isingezibwa.

Sasa "kwa nini". Tairi ya kigari kama kile huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita moja. Kila mzunguko, sehemu inayogusa lami hukandamizwa na kunyooka tena. Ikiwa na upepo wa kutosha, ubavu hujikunja kidogo. Ukipungua, ubavu hujikunja sana, na kila mkunjo huzaa joto ndani ya mpira. Ongeza mwendo wa barabara kuu, ongeza watu wanne na mizigo, joto hilo huachanisha matabaka ya tairi, na tairi hupasuka. Anayesikia mlipuko hudhani ilizidiwa na upepo, kumbe mara nyingi upepo ulikuwa haba.

Humo humo mna sababu ya neno "baridi". Tairi ikishatembea, hewa ya ndani hupata moto na geji hupanda. Tairi yenye upungufu huweza kuonyesha 33 ikiwa ya moto, ukaridhika, ilhali ikipoa ni 29. Kosa la upande wa pili ninalijua kutoka safari za kwetu: dereva anasimama njiani jua la saa saba, anaona geji imepanda, anapunguza upepo "isije ikapasuka". Kipimo cha mtengenezaji kimeshahesabu kupanda huko. Ukiupunguza ukiwa wa moto, umeifanya tairi iwe haba, nayo itajikunja zaidi na kupata moto zaidi, yaani umeiandalia kile kile ulichokuwa unakikwepa.

"Lakini pampu iko kituo cha mafuta, kilomita sita," alisema. "Nikifika zimeshapata moto."

Hilo lina dawa rahisi. Pima nyumbani zikiwa baridi na uandike pengo. Mbele kulia ilikuwa 29, tulitaka 35, pengo ni 6. Ukifika kwenye pampu, pima tena bila kuongeza kitu. Ikiwa sasa inasoma 31, ijaze hadi 37, yaani ongeza lile lile pengo la 6 juu ya unachokikuta. Ikipoa itarudi 35 au karibu sana na hapo. Alichukua kalamu, akaandika mapengo ya kila tairi mgongoni mwa risiti.

Kashata: kumbukumbu ya tairi

Swali la kashata huulizwa hivi: "Niambie utajuaje kama tairi zina kashata za kutosha na kwamba hali yake kwa jumla ni salama kwa barabara." Jibu: kusiwe na mikato wala vivimbe, na kina cha kashata kiwe angalau milimita 1.6 katika robo tatu za katikati za upana wa tairi, mzunguko mzima.

Maneno "robo tatu za katikati" humchanganya kila mtu mpaka ayaone. Chukua tairi yenye uso wa sentimita 16. Robo tatu zake ni sentimita 12. Hubaki sentimita 2 kila pembeni. Kipimo cha 1.6 kinahusu zile 12 za katikati, na "mzunguko mzima" maana yake huwezi kupima mahali pamoja pazuri ukanyamaza. Sogeza gari, pima tena. Pembeni nako si huru: nyuzi za ndani zikionekana popote, au tairi ikiwa na kivimbe, ni kosa la sheria bila kujali kina cha kashata.

Sababu ya kipimo hiki ni maji. Kwenye lami kavu, mifereji ya tairi haina kazi kubwa. Mvua ikinyesha, mifereji hiyo ndiyo njia ya maji kutoka chini ya tairi ili mpira uguse barabara. Tairi mpya ya gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi. Ikibaki 1.6, maji yanayoweza kupita ni machache, na mwendo ukiwa mkubwa mengine hubaki chini ya tairi na kuliinua gari. Dalili yake utaisikia mikononi: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama hauna kitu mbele. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu wala kukata kona. Kwa hiyo 1.6 ni mpaka wa sheria. Mafundi wengi wa huku hushauri tairi ibadilishwe ikifika 3.

Njia ya watu ya kupima, Uingereza, ni sarafu ya peni 20. Isimamishe ndani ya mfereji. Ukingo wake wa nje ukizama usionekane, tairi ina nafasi. Ukingo ukionekana, tafuta kipimo halisi. Kwa msomaji aliye Mwanza au Mombasa, tairi yenyewe imebeba kipimo. Tazama ndani ya mifereji mikuu, utaona vituta vidogo vya mpira vimekatiza mfereji, na ubavuni usawa wake pameandikwa TWI au pana pembetatu ndogo. Vituta hivyo viko kwenye kina cha 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi imekwisha.

Mimi nina kijiti cha plastiki chenye milimita, nikampa. Tairi ya mbele kushoto alipata 2.1 upande wa nje, 3.4 katikati, 2.0 upande wa ndani. Aliziandika, akazitazama.

"Pembeni zote mbili zimeliwa kuliko katikati. Kwa nini?"

Nilimwomba akumbuke geji ilisema nini. Tairi yenye upepo mdogo hubonyea katikati na kukanyaga kwa kingo zake. Basi kingo ndizo zinazolika. Miezi ile ya upepo haba ilikuwa imejiandika kwenye mpira. Ingelikuwa na upepo wa kupita kiasi, ingevimba katikati na kulika katikati. Ingelika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, tungeshuku magurudumu hayajapangwa sawa, kazi ambayo kwetu mafundi huiita alaimenti. Maswali mawili ya mtahini, upepo na kashata, kumbe ni swali moja lililoulizwa kwa nyakati mbili: geji husema hali ya leo, kashata husema ya miezi iliyopita.

Kisheria tairi ile ilikuwa halali. Tulikubaliana tairi mbili za mbele zibadilishwe kabla ya arusi, na hesabu iliyomshawishi haikuwa ya mvua peke yake. Tairi iliyo chini ya kipimo, faini yake hufika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, kwa kila tairi. Na dereva aliyefaulu karibuni hufutiwa leseni akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Tairi mbili tu za kipara zinatosha kumrudisha kwenye leseni ya mwanafunzi na kufanya mitihani yote upya.

Kwa wanaonunua tairi zilizotumika, jambo jingine moja. Kina cha kashata hakisemi umri. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo kwa kukaa juani.

Chini ya boneti: alama mbili, maana tatu

Maswali matatu yanahusu boneti: oili ya injini, maji ya kupoza injini, na mafuta ya breki. Hapa mtahini hukutaka ufungue boneti, uonyeshe kilipo kila kimoja, na ueleze utakavyokikagua. Majibu yake hufanana mno: tazama kama kiwango kiko kati ya alama ya chini na ya juu. Kufanana huko ndiko kunakochanganya watu, kwa sababu kiwango kikiwa chini, kila kimoja kina maana yake.

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, chomoa tena ndipo usome. Kijiti cha mpwa wangu kilionyesha robo ya njia kutoka alama ya chini. Kwa magari mengi, kati ya alama hizo mbili ni takriban lita moja, kwa hiyo alihitaji kama nusu lita kufika pazuri. Oili kupungua kidogo kidogo ni kawaida ya injini yenye umri, na kuongeza ni sawa, lakini kwa kiasi: ikipita alama ya juu, mitambo inayozunguka huipiga hadi ikatoa povu, na povu halilainishi. Tazama na rangi pia. Oili nyeusi imechakaa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na gari hilo lisisafiri kabla fundi hajaliona.

Maji ya kupoza hukaa kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, na kiwango husomwa kwa nje injini ikiwa baridi. Mfumo huu umefungwa, haupaswi kula maji. Ukiona unaongeza kila wiki, pana uvujaji. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto: maji yaliyo ndani yako kwenye shinikizo na yamepita joto la kuchemka, na ukilegeza kifuniko hulipuka kuwa mvuke usoni pako. Na yasiwe ya bomba peke yake. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo ambalo huku ni la lazima. Kwetu kwenye joto, faida yake ni kuchelewesha kuchemka na kuzuia kutu kwenye rejeta.

Mafuta ya breki ndiyo yanayohitaji akili zaidi. Mpwa wangu alikuta yake yako juu kidogo tu ya alama ya chini. Mkono wake ukaenda kwa chupa niliyokuwa nayo.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Yamekwenda wapi?"

Mafuta ya breki hayachomwi wala hayakauki. Pedi za breki zikilika, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka kuijaza nafasi hiyo. Kwa hiyo kushuka polepole ni taarifa kwamba pedi zimekonda, na kushuka haraka ni taarifa kwamba pana uvujaji. Ukijaza tu, umeifuta taarifa, na fundi akija kufunga pedi mpya, pistoni zikirudishwa nyuma mafuta hufurika. Fundi alizitazama pedi zake wakati akishughulikia tairi: zilikuwa zimebaki kidogo, zikabadilishwa, na kiwango kikarudi juu chenyewe. Zaidi ya hapo, mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na yakishaunyonya huchemka kwa joto dogo. DOT 4 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230. Iliyonyonya unyevu, 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta yaliyochoka hutoa viputo vya mvuke, na pedali huzama sakafuni. Ndiyo sababu hubadilishwa kwa muda hata kama kiwango kiko sawa.

Swali la breki zenyewe hujibiwa kwa mguu: pedali isiwe laini kama sponji wala legevu, zijaribu mara tu unapoondoka, na gari lisivute upande mmoja.

Taa bila msaidizi

Maswali ya taa ni mepesi kuyajibu, na kosa la kawaida ni kudhani swichi ikiwaka basi na taa imewaka. Kwa taa za mbele na za nyuma, jibu ni kuwasha swichi, kufungua swichi ya injini ikihitajika, kisha kushuka na kulizunguka gari. Kwa indiketa, washa hazadi ili zote zimulike pamoja, ulizunguke. Dashibodi nayo husaidia: kwenye magari mengi, indiketa ikianza kumulika kwa haraka kuliko kawaida, balbu moja upande huo imekufa. Taa za ful zikiwaka, alama ya buluu hutokea mbele ya dereva.

Gumu ni taa za breki, kwa sababu mguu wako uko ndani na taa ziko nyuma. Jibu rasmi linakubali njia mbili: mwombe mtu akutazamie, au tumia kivuli kinachorudi kwenye kioo cha dirisha au mlango. Mpwa wangu alirudi nyuma taratibu hadi karibu na mlango wa gereji yangu, akakanyaga breki, akatazama kwenye kioo cha ndani. Mlangoni palitokea duara moja jekundu badala ya mawili. Balbu ya kushoto ilikuwa imeungua, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulibadilisha pale pale, akakanyaga tena, maduara yakawa mawili.

Ilikuwa imefika saa sita mchana. Spea ilikuwa imefungwa nyuma kushoto, tairi yenye skrubu iko buti tayari kwenda kwa fundi, na karatasi ya mapengo iko mfukoni mwake. Nikamwomba alijibu swali la kwanza tena, kwa Kiingereza, kama yuko mbele ya mtahini. Alianza vizuri: kitabu cha mtengenezaji, geji ya kuaminika, tairi zikiwa baridi. Alipofika kwenye "usisahau tairi ya spea" akanyamaza, akaligeukia gari.

Tulikuwa tumeifunga spea bila kuipima. Akainama, akafungua kifuniko cha vali, akabana geji: 14.

Hakuna aliyekuwa ameigusa kwa miaka. Tulitoa pampu ndogo ya mkononi tukaijaza kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Kisha akanionyesha kiganja chake kikiwa na vifuniko vinne vidogo vyeusi, akavirudisha kimoja kimoja kwenye vali zake, na kile cha mwisho akakikaza kwa vidole viwili huku akimalizia jibu.